"Hajafika, Shemeji": Kuupima Uongo wa Kumlinda Rafiki kwa Kigezo cha Kant cha Sheria ya Wote

Utangulizi

Makala haya yanalichunguza swali ambalo kila anayesoma falsafa ya maadili hukutana nalo mapema, na ambalo wengi wetu huliacha njiani bila kulijibu. Je, mtu akimficha rafiki yake nyumbani, na anayetaka kumdhuru akabisha hodi na kuuliza aliko, ni halali kumwambia uongo? Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg (mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi), alijibu kwamba si halali. Jibu hilo limemletea lawama kwa zaidi ya karne mbili. Lengo langu si kuongeza lawama nyingine. Ninanuia kukichukua kigezo alichokiunda yeye mwenyewe, kigezo cha sheria ya wote, na kukitumia hatua kwa hatua juu ya uongo mmoja mahususi ili tuone kinatoa jibu gani hasa.

Uongo huo ni wangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimepanga chumba karibu na chuo, rafiki yangu tuliyesoma naye shahada ya kwanza alinijia Ijumaa usiku akiwa na mkoba mmoja na mdomo uliovimba. Hakunificha kilichompata. Asubuhi yake mumewe alibisha hodi. Hakuja na fimbo wala matusi, alikuja na mkate na pakiti mbili za maziwa, akaniamkua kwa heshima, kisha akasema, "Shemeji, sijui mwenzangu amefika hapa? Tulikosana kidogo." Nilimjibu bila kusita: "Hajafika, shemeji. Tuliongea juzi, akaniambia anakwenda kwao kumwona mama." Alinishukuru, akaniachia mkate na maziwa, akaenda zake. Rafiki yangu alikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka mlangoni.

Ninamwomba msomaji aiweke akilini sentensi ile yote, sehemu yake ya kwanza na ya pili, kwa sababu tutaona kwamba sehemu hizo mbili hazina hatima moja.

Kigezo chenyewe

Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya metafizikia ya maadili, Kant anashikilia kwamba thamani ya tendo haipimwi kwa matokeo yake, bali kwa kanuni ambayo mtendaji amejiwekea moyoni anapolitenda. Kanuni hiyo ya moyoni nitaiita azimio. Azimio lililokamilika lina viungo vitatu: tendo, hali ambamo linatendwa, na lengo linalokusudiwa. Mtu anayesema "nitakopa" bado hajatamka azimio. Anayesema "nikiwa na shida ya fedha nitaahidi kulipa, ingawa najua sitalipa, ili nipate mkopo" ametamka azimio kamili, na huo ndio mfano maarufu wa Kant mwenyewe.

Jaribio linaanza kwa kulichukua azimio na kulifanya kuwa sheria ambayo watu wote wanaifuata kama vile mawe yanavyofuata sheria ya kuanguka. Kisha mtendaji anajiweka yeye na azimio lake ndani ya ulimwengu huo na kujiuliza kama bado anaweza kutenda alivyokusudia. Tuutazame mfano wa mkopo. Ikiwa kila mwenye shida huahidi kulipa na kila mtu anajua hakuna atakayelipa, basi hakuna atakayeiamini ahadi ya mwenye shida. Mkopeshaji atacheka tu. Ahadi ya uongo imejiangamiza yenyewe, maana nguvu yake ilitokana na ukweli wa ahadi za wengine. Huu ndio ukinzani wa kwanza, ule unaojitokeza katika kulifikiria tu azimio kama sheria, na Kant anasema kwamba azimio linaloshindwa hapa linavunja wajibu kamili, usio na ruhusa ya kuukwepa.

Upo pia ukinzani wa pili, katika utashi. Azimio la kutomsaidia yeyote mwenye dhiki linaweza kufikirika kama sheria. Ulimwengu wa watu wasiosaidiana ungeendelea kuwapo. Lakini hakuna binadamu anayeweza kuutaka kwa dhati, kwani yeye mwenyewe ni kiumbe atakayehitaji msaada. Wajibu unaozaliwa hapa haujakamilika: lazima tusaidie, lakini nani, lini na kwa kiasi gani ni juu ya busara yetu. Ndiyo maana watu wengi hudhani kesi ya rafiki imekwisha kabla ya kuanza. Kutosema uongo ni wajibu kamili, kumsaidia rafiki si kamili, na usio kamili hauna budi kuupisha ulio kamili. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Inachukulia kwamba kila uongo umeshashindwa katika jaribio la kwanza, ilhali kinachopimwa na Kant si neno "uongo" bali azimio, na maazimio ya watu wanaosema uongo hayafanani.

Alichokijibu Kant mwaka 1797

Kabla hatujaendelea ni vyema kuondoa kosa moja ambalo nimelisikia hata katika kumbi za mihadhara. Husemwa kwamba Kant alilipima suala la muuaji mlangoni kwa kigezo cha sheria ya wote, akaona uongo unashindwa. Hakufanya hivyo. Mwandishi Benjamin Constant alikuwa ameandika kwamba wajibu wa kusema kweli, ukichukuliwa bila mipaka, ungeifanya jamii isiwezekane. Akatoa mfano wa mwanafalsafa Mjerumani anayedai kwamba ni kosa kumdanganya muuaji anayeuliza kama rafiki yetu amejificha kwetu. Constant alipendekeza kuwa tuna wajibu wa kusema kweli kwa mtu mwenye haki ya kuijua kweli hiyo tu, na muuaji hana haki hiyo.

Kant alimjibu kwa insha fupi mwaka 1797, akiwa na umri wa miaka 73. Hoja zake humo ni za kisheria zaidi. Anasema kuwa kila tamko la uongo, hata lisipomdhuru aliyedanganywa, linaidhuru jamii ya binadamu kwa kuidhoofisha imani katika matamko, imani ambayo mikataba yote imejengwa juu yake. Kisha anaongeza hoja ya lawama: anayesema kweli hawezi kulaumiwa kwa ajali itakayofuata, bali anayesema uongo amejitwika dhamana ya yote yatakayotokea. Huenda, anasema, ukamwambia muuaji kwamba rafiki hayumo, kumbe rafiki ametoka kwa siri, na muuaji akiondoka akakutana naye njiani.

Hoja hiyo ya pili niliwahi kuicheka nilipokuwa mwaka wa tatu. Nilikoma kuicheka siku nne baada ya ile Jumamosi ya mkate na maziwa. Mama wa rafiki yangu alipiga simu kutoka kijijini. Mkwewe alikuwa amefika kwake Jumamosi ile ile jioni, akakaa sebuleni siku mbili akimsubiri mkewe, akimtuhumu mama kwamba amemficha, na usiku wa pili akavunja mlango wa chumba cha kulala. Mama yule ni mgonjwa wa shinikizo la damu. Hakuna aliyempeleka mtu yule kijijini isipokuwa mimi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilifika hadi kwa mama wa watu. Na wasomaji wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, wanajua jinsi neno likishatamkwa linavyoweza kukua hadi likampita aliyelitamka.

Lakini hoja ya lawama si kigezo cha sheria ya wote. Turudi kwenye kigezo.

Kupima nusu ya kwanza: "Hajafika"

Ugumu wa kwanza ni wa kulitaja azimio. Nikilipanua mno na kusema "nitasema uongo wakati wowote unapomfaa rafiki yangu," linashindwa papo hapo, kama ahadi ya mkopo. Nikilibana mno na kusema "nitamdanganya mwanamume anayekuja Jumamosi na pakiti mbili za maziwa," linapita bila shida, kwa sababu hata likiwa sheria halitatumika ila mara moja. Elizabeth Anscombe aliliona tatizo hili mwaka 1958 alipolalamika kwamba kanuni ya Kant haina faida bila maelezo ya nini kinahesabika kuwa sifa inayofaa ya tendo. Njia ya kujinusuru, kwa maoni yangu, ni uaminifu: tutaje zile sifa tu ambazo zisingekuwapo nisingetenda nilivyotenda. Maziwa hayamo. Lile jeraha la mdomo limo. Adabu yake mlangoni nayo imo, na sababu yake tutaiona punde.

Azimio langu basi lilikuwa hivi: mtu anayemtafuta rafiki yangu ili amdhuru, naye anaificha nia yake, nitamwambia rafiki hayupo, ili aamini hivyo aondoke.

Mwanafalsafa Mmarekani Christine Korsgaard, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu haki ya kusema uongo, alitoa hoja iliyowashangaza wengi: azimio kama hili linapita jaribio la Kant. Tuseme ni sheria kwamba kila mtu humdanganya muuaji. Kwa nini uongo bado utafaulu? Kwa sababu muuaji anayebisha hodi haji akisema "mimi ni muuaji." Anajifanya mgeni wa kawaida, na anadhani huijui nia yake. Hata akijua kwamba watu wote huwadanganya wauaji, anadhani wewe unamwona kama mtu tu, kwa hiyo anakuamini. Uongo wake ndio unaoufanya uongo wako uwezekane. Hakuna ukinzani, na Kant amehukumiwa kwa kigezo chake mwenyewe.

Nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza nilifurahi. Nilipoileta mlangoni kwangu, ilianza kuyumba.

Tuchukulie kwamba azimio langu limekuwa sheria, na mume yule anaijua. Anasimama mlangoni akifikiri. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama mkewe hayumo, na mimi sijui lolote. Basi nitasema "hajafika," na nitakuwa nasema kweli. Ama mkewe yumo, basi amekwisha kunieleza, ninajua nia ya mumewe, na kwa kuifuata sheria nitasema "hajafika." Majibu ni yale yale kwa hali zote mbili. Neno langu halimwambii chochote. Korsgaard anahitaji muuaji anayeamini kwamba mwenye nyumba hajui kitu, lakini katika kesi ya rafiki aliyefichwa, kuwapo kwa rafiki ndani ya nyumba ndiko kunakomjulisha mwenye nyumba. Mambo hayo mawili hayaachani kirahisi.

Kwa nini basi mume yule aliniamini, na akaniachia hata mkate? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu kuliko yote mengine katika makala haya. Aliniamini kwa sababu alikuwa na hakika kwamba hata kama mkewe amefika, hatakuwa amesema ukweli. Angekuwa ameniambia alianguka bafuni. Alitegemea aibu ya mkewe. Heshima yake mlangoni ilikuwa na maana kwa mtu asiyejua tu, na alidhani mimi ni asiyejua kwa sababu wake wengi waliopigwa hunyamaza. Hapa hoja ya Korsgaard inarudi na uzima wake, lakini kwa bei: azimio langu linapita jaribio katika ulimwengu ambamo waliopigwa huwaficha rafiki zao walichofanyiwa. Katika ulimwengu ambamo wanasema, linashindwa.

Msomaji makini atauliza: likishindwa, ni nini kilichopotea? Swali hili ndilo kiini. Katika mfano wa mkopo, mwenye ahadi ya uongo anajinufaisha na uaminifu wa wakopaji wengine. Wao hulipa, ndiyo maana yeye anaaminiwa. Anapanda juu ya migongo yao, na kigezo cha Kant kinamfichua. Mimi nilipanda juu ya migongo ya akina nani? Neno langu lilikuwa na nguvu kwa sababu wako marafiki wengine ambao, wakiulizwa na mume mkali, husema kweli. Niliutegemea ukweli wao. Lakini desturi ile ya kumwambia mtu mwenye nia mbaya aliko mhasiriwa si desturi ambayo yeyote ana haki ya kuidai iendelee. Likiwa azimio langu sheria, kitakachokufa ni uwezo wa wapigaji kuwapata wake zao kwa kuwauliza jirani. Ninautaka ulimwengu huo kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo ukinzani upo, ila haunionyeshi dhuluma yoyote. Na ikiwa kigezo kinaweza kulikataa azimio bila kuonyesha ni nani aliyedhulumiwa, basi kukataa kwake peke yake hakutoshi kuwa hukumu.

Linabaki jambo moja kuhusu lengo. Niliandika "ili aamini hivyo aondoke." Je, hilo ndilo lililokuwa lengo langu, au lilikuwa "ili asimpate kupitia kwangu"? Tofauti inaonekana ndogo, lakini inabadilisha matokeo yote. Nikitaka aamini, sheria ya wote inaniangusha kama tulivyoona. Nikitaka tu asiipate habari kutoka kwangu, sheria ya wote hainiangushi kamwe: katika ulimwengu ambamo kila rafiki husema "hajafika," muulizaji haambulii kitu, na hilo ndilo nililolitaka. Kwa lengo hili azimio linapita. Sidai kwamba nililijua lengo langu nikiwa mlangoni. Ninasema kwamba mtu anayelitumia jaribio la Kant bila kujiuliza hivi atapata jibu alilolitaka tangu mwanzo.

Nusu ya pili: "anakwenda kwao"

Hapa sihitaji maelezo marefu. "Hajafika" ilitosha kumnyima habari. Sehemu ya pili haikumnyima kitu, ilimpa. Azimio lake, nikilitamka kwa uaminifu, ni hili: anayemtafuta rafiki yangu ili amdhuru nitamwelekeza kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, ili uongo wangu wa kwanza uaminike zaidi. Tulifanye sheria. Katika ulimwengu huo, mimi na mama yangu tunaweza wakati wowote kuletewa mtu mwenye hasira ambaye rafiki wa rafiki amemtuma, bila kuulizwa wala kuonywa. Siwezi kuutaka ulimwengu huo, na siwezi kwa sababu ile ile ambayo Kant aliitoa kuhusu kusaidiana: mimi ni kiumbe anayehitaji mlango wake usielekezewe hatari na watu wanaojiokoa. Sehemu hii inashindwa jaribio la utashi, na safari hii aliyedhulumiwa anaonekana wazi. Ana jina, ana shinikizo la damu, na mlango wake umevunjwa.

Uongo, udanganyifu na kukataa

Kiswahili kina msaada wake hapa. Uongo ni kauli: mtu husema uongo. Kudanganya ni jambo pana zaidi, maana mtu anaweza kudanganya kwa vazi, kwa mwendo au kwa kunyamaza. Kant naye aliitumia tofauti ya namna hiyo. Katika mihadhara yake ya maadili alisema kwamba akifunga mizigo yake ili watu wadhani anasafiri, hajawaambia uongo, kwa kuwa hakutamka lolote na wao hawakuwa na haki ya kudai tamko. Anayemficha rafiki ana nafasi kubwa zaidi ya ile tunayodhani kwa kusoma insha ya 1797 pekee.

Lakini tofauti hiyo haimsaidii mwenye kuulizwa swali la ndiyo au la, na mtu aliyejitangaza kuwa mwuaji. Muuaji aliyejitangaza anaipindua hoja ya Korsgaard, naye anakiri hivyo: hakuna tena kinyago cha kuutegemezea uongo, kwa sababu kila mtu angejua kwamba wauaji waliojitangaza hudanganywa. Anachopendekeza kwanza ni kukataa kujibu. Wengi huliona pendekezo hili kama la mtu wa mezani. Nisiposema, si nimeshasema? Anayenyamaza ndiye aliye na cha kuficha.

Mfano wa Mandera unajibu. Tarehe 22 Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab waliliteka basi lililokuwa limetoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini zao, wakawaua watu 28 wasio Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 walilishambulia basi jingine, karibu na El Wak, wakataka abiria watengane tena. Walioulizwa walijua fika ni nani anayeuliza na kwa nini. Baadhi ya wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wenzao wasio Waislamu hijabu wajifunike; huo ni udanganyifu, lakini kwa istilahi ya Kant si tamko la uongo. Kisha abiria Waislamu wakakataa kutengana, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na akafariki mwezi Januari 2016. Waliosalia waliendelea na safari.

Tulitazame jibu lao kwa macho ya kigezo chetu. Mtu mmoja akikataa kujibu, kimya chake kinamsaliti aliye nyuma yake. Basi zima likikataa, kimya hakina habari ndani yake. Azimio la kukataa ni geni kwa kuwa linakuwa na nguvu zaidi kadiri linavyofuatwa na wengi, kinyume kabisa cha ahadi ya mkopo, ambayo huishiwa nguvu kadiri inavyoigwa. Kant anatutaka tufikirie "kama kila mtu angefanya hivi." Ndani ya basi lile hawakufikiria, kila mtu alifanya. Lakini ni lazima niseme pia kwamba mimi mlangoni nilikuwa peke yangu, na kimya changu asubuhi ile kingemvuta mtu yule hadi kwenye pazia.

Tangu wakati huo nimejiwekea desturi. Yeyote anayeniuliza aliko mtu mwingine, awe ndugu, mdai au mhadhiri mwenye barua ya mwanafunzi, nampa jibu lile lile: sisemi aliko mtu, ila nipe ujumbe nami nikimwona nitamfikishia. Majirani wamelizoea na wengine wananiona mwenye maringo. Desturi hiyo haina thamani ikianza siku ambayo kuna mtu nyuma ya pazia. Lazima iwe imezoeleka siku ambazo hakuna.

Rafiki yangu, ambaye sasa anaishi mji mwingine na kazi yake, aliusoma mswada wa makala haya kabla sijauleta kwa wahariri. Hakubaliani nami kuhusu desturi hiyo. Anasema mumewe angesikia "sisemi aliko mtu" angeingia ndani kwa nguvu, na kwamba yeye angali hai leo kwa sababu nilisema "hajafika" bila kupepesa macho. Kuhusu maneno yaliyofuata baada ya hapo, alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Ungekoma hapa."